Wasailiwa wote wanajibu sawasawa: nimjue vipi anayeijua kazi?

*"Mimi ni meneja wa SACCOS ya wafanyabiashara wadogo hapa Morogoro. Mwaka jana tuliajiri afisa mikopo aliyejibu usaili vizuri kuliko wote. Baada ya miezi minne tukagundua hajui kukagua biashara ya mteja, alikuwa anajaza fomu tu. Mwezi ujao tunasaili watu sita kwa nafasi hiyohiyo na nina hofu wote watakuja na majibu ya kukariri. Je, kuna dalili za usoni za kumtambua mtu wa namna hiyo? Na niulize nini ili nijue anavyofikiri kweli?"*

Ndugu yangu, nianze na uso, maana hapo ndipo majopo mengi yanapopotea. Usoni hakuna jibu. Mwaka 2006 watafiti wawili wa Marekani, Charles Bond na Bella DePaulo, walikusanya matokeo ya tafiti nyingi ambazo watu waliombwa kumtambua mwongo kwa kumtazama na kumsikiliza tu. Kwa wastani walipatia mara 54 kati ya 100. Ukirusha sarafu utapatia kama mara 50. Kijana anayeinamisha macho mbele ya wajumbe watano wa bodi huenda amelelewa hivyo nyumbani kwao. Anayesitasita huenda ndiye anayechimbua kumbukumbu halisi, na anayetiririka huenda ndiye aliyekesha na daftari. Waombe wenzako wa jopo waache kabisa kuandika "hajiamini" au "anajiamini" kwenye karatasi zao. Neno hilo ndilo lililowaajiria yule wa mwaka jana.

La pili, kukariri siyo udanganyifu. Mtu aliyekaa bila kazi miezi minane, akaitwa kwenye usaili mmoja, asingejiandaa ningemshangaa. Vyuoni wanafundishwa kupanga jibu kwa mtindo wa hali, jukumu, hatua na matokeo, na makundi ya WhatsApp yamejaa majibu ya "udhaifu wako ni nini". Ukiuliza swali ambalo kila mtu analijua, utapata jibu ambalo kila mtu analijua, na lawama ni ya swali.

Tena kuna jambo moja la kwetu ambalo halisemwi vya kutosha. Saccos yenu inafanya kazi kwa Kiswahili. Mteja anaongea Kiswahili, faili linajadiliwa kwa Kiswahili, na deni linadaiwa kwa Kiswahili. Lakini nimeketi kwenye majopo ya namna hiyo yakisaili kwa Kiingereza tangu salamu hadi kwaheri. Mtu akilazimishwa kueleza kazi yake kwa lugha asiyoifanyia kazi, hana njia ila kukariri sentensi. Hapo hujui unapima nini. Kama kuna taarifa za kuandikwa kwa Kiingereza, mpe aya moja aandike, upime hilo peke yake. Mengine yote yaende kwa Kiswahili. Naamini nusu ya majibu ya kukariri unayoyaogopa yataondoka kwa uamuzi huo mmoja.

Sasa tuingie kwenye kiini. Jibu la kukariri ni mfuatano wa maneno. Lina mlango mmoja wa kuingilia, ule wa mwanzo, na linatembea kwa utaratibu mmoja hadi mwisho. Jambo lililomtokea mtu halikuhifadhiwa hivyo. Alikuwapo mahali fulani, akaona, akasikia, akakosea, kwa hiyo unaweza kuliingia kutoka upande wowote, nyuma, katikati au kwa mtu aliyekuwa pembeni, na bado atakuwa na la kusema. Mtafiti Aldert Vrij na wenzake walilijaribu hili mwaka 2009. Waliwachukua watu wawiliwawili. Baadhi yao walikuwa wamekula chakula cha mchana pamoja mgahawani, wengine walipewa muda wa kutunga kwamba wamekula pamoja. Kwa maswali yaliyotegemewa, kama vile mlifanya nini humo, waliotunga walilingana vizuri tu na wenzao. Walipoulizwa yasiyotegemewa, kwa mfano kuchora ramani ya mgahawa na mahali walipoketi, hadithi zikaachana. Kwa kulinganisha michoro hiyo watafiti waliweza kuwatenga wakweli na waongo hadi kiasi cha asilimia 80. Usaili wa kazi siyo jaribio la uongo, na wewe huna watu wawili wa kulinganisha, kwa hiyo usiitarajie asilimia hiyo. Lakini funzo linabaki lilelile: acha kumtafuta anayekariri, mtoe mtu nje ya mipaka ya alichokiandaa, halafu tazama kama kuna ardhi ya kukanyaga.

Nikupe mfano. Msailiwa anasema: "Katika taasisi niliyofanya kazi nilifanikiwa kupunguza mikopo chechefu kutoka asilimia 12 hadi 6 ndani ya mwaka mmoja kwa kufuatilia wateja kwa karibu." Jopo linatikisa kichwa na kuandika alama. Hapo ndipo kazi yako inapoanza. Muulize: "Hiyo asilimia mlikuwa mnaihesabu vipi?" Aliyeifanya kazi atakuambia bila shida kwamba walichukua salio la mikopo iliyochelewa zaidi ya siku 30, au siku 90, wakagawa kwa salio la mikopo yote. Kisha muulize swali la pili, ambalo mimi nalipenda kuliko yote: "Salio la mikopo yote lilikuwa kiasi gani mwanzo, na likawa kiasi gani mwisho?"

Tuseme mwanzo mlikuwa na mikopo ya milioni 200, na milioni 24 kati yake imechelewa. Hiyo ni asilimia 12. Mwaka uliofuata mkatoa mikopo mipya hadi salio likafika milioni 400, na zile milioni 24 bado zimelala vilevile. Sasa ni asilimia 6, na hakuna mteja hata mmoja aliyefuatiliwa akalipa. Asilimia hushuka pia madeni mabovu yakifutwa vitabuni. Afisa aliyeishi na namba hizi anajua hayo na mara nyingi atakutajia mwenyewe: "Kwa kweli sehemu ilitokana na ukuaji, lakini kuna wateja kumi na wawili tuliowarudisha." Aliyekariri atarudia sentensi yake ya kwanza, pengine kwa maneno yaleyale, au atajibu swali jirani: umemuuliza hesabu, yeye anaeleza umuhimu wa kufuatilia wateja. Kurudi kwenye wimbo uleule baada ya kuulizwa kitu kingine ndiyo dalili ninayoiamini. Ikitokea mara moja, isamehe, huenda hakukusikia vizuri. Ikitokea mara tatu kwa visa vitatu tofauti, iandike.

Baada ya hesabu, shuka kwa mteja mmoja. "Katika hao kumi na wawili, nani alikusumbua zaidi? Usinitajie jina. Alikuwa anauza nini? Ulimwendea wapi, dukani au nyumbani? Ulimkuta nani? Alisema nini ambacho hukukitegemea?" Swali la mwisho hilo ni zuri sana, kwa kuwa watu wanapotunga hadithi hawapendi kuwapa wengine sauti. Na uulize: "Kwa mteja gani ulikosea, na uligundua lini?" Kazi ya mikopo haina mtu asiyewahi kukosea. Nikisikia hadithi ambayo kila hatua ilizaa matunda na hakuna aliyekasirika, naanza kuuliza zaidi.

Tahadhari mbili hapa. Usimpime mtu kwa tarehe na saa. Kumbukumbu ya kweli hupoteza tarehe mapema, ila hushika sura ya mahali na maneno yaliyouma. Na usimkate alama anayesema "tulifanya, tuliamua". Kwa wengi wetu kusema "mimi, mimi" mbele ya wakubwa ni kukosa adabu. Mwulize kwa upole, "katika hilo, sehemu ya mkono wako ilikuwa ipi?" na umpe muda. Vivyo hivyo, msailiwa akikataa kutoa taarifa za mteja wa taasisi ya zamani, hiyo ni alama nzuri kwake. Ndivyo atakavyowatunza wateja wenu.

Lakini maswali ya yaliyopita yana ukomo. Kuna anayejua kusimulia na hajui kuamua. Yule wenu wa mwaka jana huenda alikuwa hivyo. Kwa nafasi hii, kama ungeniruhusu jambo moja tu katika usaili wote, ningekuomba faili. Mpe kila msailiwa faili moja la mkopo, kalamu, kikokotoo na dakika 20 peke yake. Kisha aingie afikiri mbele yenu kwa sauti.

Faili lenyewe liwe la kubuni, lakini lifanane na mnayoyaona kila siku. Mama anauza mchele sokoni na anaomba milioni 6 kwa miezi 12. Riba yenu tuseme ni asilimia 1.5 kwa mwezi juu ya mkopo wa mwanzo, kwa hiyo riba ya mwaka ni 1,080,000 na rejesho ni shilingi 590,000 kila mwezi. Kwenye fomu ameandika mauzo ya 250,000 kwa siku, siku 26 kwa mwezi, yaani 6,500,000. Fomu imejazwa vizuri, ina picha na wadhamini wawili. Nyuma ya fomu weka risiti za manunuzi za mwezi mmoja: magunia 15 ya kilo 100, kila gunia 220,000, jumla 3,300,000. Bei ya rejareja ni 2,800 kwa kilo. Matumizi ya biashara na nyumbani kwa mwezi ni 500,000. Usiandike popote kwamba kuna tatizo.

Aliyezoea kujaza fomu atachukua 6,500,000, atatoa manunuzi na matumizi, ataona zimebaki 2,700,000, na atasema mteja anafaa. Mwingine hatagusa namba hata moja. Atakusomea nguzo za mkopo, tabia, uwezo, mtaji, dhamana na mazingira, kwa ufasaha kabisa, na faili likiwa limefungwa mezani. Hao wawili ni aina mbili za mtu uliyemwajiri mwaka jana.

Anayejua kukagua atasimama kwenye risiti. Magunia 15 ni kilo 1,500. Kwa 2,800 ni shilingi 4,200,000. Hiyo 6,500,000 imetoka wapi? Ukitoa manunuzi inabaki 900,000, ukitoa matumizi inabaki 400,000, na rejesho ni 590,000. Kwa makaratasi haya, mkopo haulipiki. Ila tazama sana anachofanya baada ya hapo. Wapo wanaofunga faili na kusema mama ni mwongo. Hao wanajua hesabu lakini hawajui soko. Mama huenda ananunua mchele mwingine moja kwa moja kwa wakulima bila risiti, au alikuwa na akiba ya mzigo wa mwezi uliopita, au anauza na maharage. Wewe unamtaka anayesema: "Kabla ya ndiyo au hapana ningekwenda sokoni siku asiyonitegemea, nihesabu magunia yaliyopo, niangalie daftari lake au taarifa ya malipo ya simu, niulize na jirani wa kibanda."

Hapo umpe habari mpya. "Haya, umekwenda. Umekuta anauza pia maharage ya dada yake, anapata kamisheni kama 150,000 kwa mwezi. Sasa unasemaje?" Hakuna aliyeweza kukariri jibu la swali hili, maana limezaliwa humo ndani. Mwenye kufikiri ataongeza 150,000 juu ya 400,000, atapata 550,000, ataona bado haifiki 590,000, na pengine atarudi na pendekezo: mkopo wa milioni 2.5, ambao rejesho lake kwa riba ileile ni kama 246,000 kwa mwezi, uongezwe akishalipa vizuri. Si lazima afikie kiasi hicho. Unachopima ni kama habari mpya imeisogeza hukumu yake, na kama ameisogeza kwa kiasi kinachostahili. Mtu akikubali haraka mkopo mzima kwa sababu wewe umesema jambo zuri kuhusu mteja, anafuata sauti ya mkubwa. Akishikilia jibu la kwanza bila kugusa hesabu upya, anatetea heshima yake. Wote wawili watakusumbua mteja mwenye ushawishi atakapokaa mbele yao.

Niliwahi kumwacha mtu kwa sababu alijibu maswali ya mwanzo kwa sauti ya chini na sentensi zilizokatika. Taasisi hiyo haikuwa na faili la majaribio, ilikuwa na maswali kumi ya kawaida tu. Tulimchukua mzungumzaji. Yule tuliyemwacha nilikutana naye baadaye kwenye kazi nyingine na nikaona anavyokagua biashara. Aligeuza gunia la chini ili aone kama lina mchele au pumba. Tangu hapo siketi kwenye jopo lisilo na kazi ya mikono.

Sasa utaratibu wa siku yenyewe. Watu sita wakikaa benchi moja, wa kwanza akitoka, wa tano atakuwa ameshapata maswali. Usijaribu kuzuia hilo kwa kuwafungia simu. Tengeneza faili la namna mbili au tatu lenye kasoro zinazolingana ugumu: katika moja kasoro iwe kwenye risiti, katika jingine iwe deni la taasisi nyingine linaloonekana tu kwenye taarifa ya malipo ya simu. Tena waambie mapema, kwenye barua ya wito, kwamba watafanya kazi ya faili la mkopo kwa Kiswahili. Kujua mapema hakutampa ujuzi asiyejua, ila kutampunguzia hofu anayejua, na wewe hutaki kupima hofu.

Maswali makuu yawe yaleyale kwa wote sita, kwa mpangilio uleule. Ya kufuatilia ndiyo yatofautiane kulingana na alichosema mtu. Kabla ya siku hiyo, wewe na wajumbe mwandike jibu dhaifu, la wastani na zuri linafananaje kwa kila kipengele, mkianza na faili. Kila mjumbe ajaze alama zake kimya kabla ya mtu yeyote kusema "huyu nimempenda". Mwenyekiti wa bodi akitoa maoni kwanza, alama za wengine zitamfuata, na hapo jopo la watu watano linakuwa la mtu mmoja.

Kuna jambo ambalo njia hizi hazitakuonyesha, nalo ni uaminifu. Mtu anayefikiri vizuri anaweza pia kufikiri vizuri jinsi ya kuiba. Maafisa mikopo waliobuni wateja hewa siyo wajinga. Uaminifu utaulinda kwa mfumo: anayekagua asiwe ndiye anayeidhinisha wala anayetoa fedha, na mtu mwingine awatembelee baadhi ya wateja bila taarifa. Kipindi cha majaribio nacho mkitumie. Mwezi wa kwanza aende sokoni na mtu, mwezi wa pili marudio ya ukaguzi wake yafanywe na mwingine, mlinganishe. Mngefanya hivyo mwaka jana, miezi minne ingekuwa wiki sita.

Kama ndani ya jopo lenu hakuna hata mmoja aliyewahi kukagua mikopo kwa mikono yake, msisaili peke yenu. Muombeni meneja mikopo mstaafu au wa saccos nyingine isiyoshindana nanyi aje siku hiyo atunge faili na kuketi nanyi, na ofisa ushirika wa halmashauri anaweza kuwaelekeza kwa mtu kama huyo. Fanyeni hivyo hasa kama mmoja wa wasailiwa ni ndugu wa mjumbe wa bodi. Mjumbe huyo akae nje, na mgeni ashike kiti chake.

Na mkishapata wawili wa juu, wapigieni simu waliowasimamia zamani, kwa ruhusa ya wasailiwa wenyewe. Usiulize "alikuwa mfanyakazi mzuri?" Kwetu nani atasema hapana? Muulize: "Ulikuwa unampa mafaili ya aina gani, na yapi ulikuwa unayarudia kuyaangalia mwenyewe?" Kisha nyamaza, umsubiri amalize.